Ruta ya wageni imechomekwa nyuma ya mtandao wa ofisi: kwa nini printa bado inafikika, na nani aifikie

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni dada ninayesimamia ofisi ya wapima ardhi hapa Kisumu, tuko watu 9. Wateja wakisubiri huomba waifai, kwa hiyo tulinunua ruta ya pili, tukaichomeka kwenye kisanduku cha kampuni ya intaneti na kuipa jina na nywila ya wageni. Juzi kijana aliyefanya mafunzo ya kazi kwetu mwaka jana alikuja kutusalimu. Alijiunga na waifai ya wageni, akachapa barua yake kwa laptopu, nayo ikatoka kwenye printa yetu. Seva ya faili iko kwenye kisanduku hichohicho. Je, hatujatenganisha chochote? Na nani hasa aruhusiwe kufikia printa na seva?

Jibu: Salama, dada. Mmetenganisha, lakini kwa upande mmoja tu, na si ule mliouhitaji. Kwa jinsi mlivyochomeka, kompyuta za ofisi haziwezi kuzifikia simu za wageni, ilhali wageni wanaweza kufikia kila kitu kilichoungwa kwenye kisanduku cha kampuni ya intaneti. Jambo hili linarekebishika bila kununua ruta nyingine. Mnahitaji kubadilisha mpangilio, na pengine swichi moja ya poti 8.

Ruta ina pande mbili. Upande mmoja ni poti ya WAN, inakotoka intaneti. Upande wa pili ni LAN, yaani poti nyingine pamoja na waifai yake. Anayeomba kitu akiwa upande wa LAN hupelekwa WAN bila maswali, na jibu likirudi hufikishwa kwake. Anayebisha kutoka WAN bila kuitwa hukataliwa. Kwa hiyo ruta huwalinda walio nyuma yake dhidi ya walio mbele yake, na mbele ya ruta yenu ya wageni hakuna intaneti peke yake. Ipo ofisi yenu pia. Ni kama mgeni aliyepewa chumba cha ndani: kila akitoka nje lazima apite sebuleni, kwenye meza na kabati zenu.

Tuitazame kwa anwani. Tuseme kisanduku cha kampuni ni 192.168.1.1, seva yenu ni 192.168.1.20 na printa ni 192.168.1.50. Ruta ya wageni ilipochomekwa ilipewa 192.168.1.30 upande wake wa WAN, na wageni ikawagawia anwani za 192.168.0.x. Mgeni akiomba 192.168.1.50, ruta yake inaona kwamba anwani hiyo haimo kwenye mtandao wake wa ndani, kwa hiyo inaitupa upande wa WAN kama inavyofanya kwa ombi lolote la intaneti. Huko ndiko printa iliko. Printa nayo inaona ombi limetoka 192.168.1.30, jirani wa palepale ofisini, na haina sababu ya kukataa.

Kwa nini basi wateja wengine hawajawahi kuchapa? Kwa sababu simu na laptopu hutafuta printa kwa kutangaza mtandaoni, "Kuna printa hapa?", na tangazo hilo halivuki ruta. Mgeni anayefungua orodha ya printa anaikuta tupu. Laptopu ya yule kijana haikuhitaji kutafuta. Tangu mwaka jana ilikuwa imehifadhi printa yenu kwa namba, 192.168.1.50, na ombi lililoandikwa namba linavuka ruta vizuri kabisa. Shikeni hilo, maana ofisi nyingi hujipima vibaya hapa: printa kutoonekana kwenye orodha si ushahidi kwamba haifikiki. Mtu mwenye programu ya bure ya kukagua mtandao kwenye simu yake ataipata seva yenu kabla hajamaliza chai.

Njia nyingine mbili za kuondoa shaka

Kabla hamjagusa kebo, hakikisheni mambo mawili. Jiungeni na waifai ya wageni kwa simu, mwangalie simu imepewa anwani gani. Ikiwa ni 192.168.0.x, maelezo yangu ya juu ndiyo yenyewe. Ikiwa ni 192.168.1.x, hali ni mbaya zaidi: kebo imechomekwa kwenye poti ya LAN ya ruta ya wageni badala ya WAN, au ruta imewekwa katika hali ya `Access Point`, ambamo inarefusha tu mtandao uliopo bila kutenganisha. Hapo mna majina mawili ya waifai juu ya mtandao mmoja. Jina na nywila tofauti havitenganishi chochote. Vinaamua tu mtu aingie kwa mlango upi kwenye chumba kilekile.

La pili ni printa yenyewe. Printa nyingi za waifai hurusha mtandao wao mdogo ili mtu achape moja kwa moja bila kupitia ruta. Tazameni orodha ya waifai kwenye simu mkiwa karibu na printa. Mkiona jina linaloanza na `DIRECT-`, likifuatwa na jina la printa, basi mna mlango ambao hakuna ruta itakayoufunga. Ingieni kwenye menyu ya printa, tafuteni `Wi-Fi Direct`, muizime. Nimeona ofisi ikipanga mtandao wake vizuri sana huku mlango huo ukibaki wazi, kwa kuwa kila mtu alikuwa akitazama ruta.

Kupindua mpangilio

Suluhisho la haraka ni kubadilisha nafasi. Wageni wahamie kwenye waifai ya kisanduku cha kampuni, na ofisi ihamie nyuma ya ruta yenu ya pili. Mkishapindua, sheria ileile iliyokuwa ikiwaumiza itaanza kuwalinda: ofisi itakuwa upande wa LAN na wageni upande wa WAN, na anayebisha kutoka WAN atakataliwa.

Wengi hupindua kebo tu, kisha Jumatatu asubuhi kompyuta zote zinasema printa iko `Offline` na folda za seva hazifunguki, kwa sababu anwani zimebadilika. Ndani ya saa moja mtu ameshachoka na kurudisha kebo zilivyokuwa. Njia ya kuepuka hilo ni kuhamisha anwani za kisanduku cha kampuni badala ya anwani za ofisi.

Fanyeni kazi hii Jumamosi alasiri, ofisi ikiwa imefungwa. Anzeni na kisanduku cha kampuni. Ingieni kwenye ukurasa wake, sehemu ya LAN, mbadilishe anwani yake kutoka 192.168.1.1 iwe 192.168.100.1. Mkihifadhi, ukurasa utakatika kwa kuwa kisanduku kimehama, na mtaingia tena kwa anwani mpya. Kisha ingieni kwenye ruta ya pili, mpe LAN yake 192.168.1.1. Hiyo ndiyo anwani ambayo seva, printa na kompyuta zimeizoea kama njia ya kutokea. Kebo kutoka kisanduku cha kampuni iende kwenye poti ya WAN ya ruta hii. Kebo za seva, printa na kompyuta za mezani ziondoke kwenye kisanduku na kuja kwenye poti za LAN za ruta. Ruta nyingi ndogo zina poti 4 tu za LAN, na ndiyo maana nikataja swichi. Inachomekwa kwenye poti moja ya LAN, na vifaa vyote vya ofisi vinachomekwa kwenye swichi.

Mkimaliza, ikiwa anwani za printa na seva zimewekwa ndani yake zenyewe na si za kugawiwa na kisanduku, printa bado ni 192.168.1.50 na seva bado ni 192.168.1.20, kwa hiyo hakuna kompyuta inayohitaji kupangwa upya. Laptopu ya yule kijana itaendelea kuiomba 192.168.1.50, lakini sasa kisanduku cha kampuni hakiijui namba hiyo. Kitaitupa upande wa intaneti, nako ombi litafia.

Angalieni mambo mawili hapo. Kwanza, hakikisheni pande mbili za ruta yenu hazina namba zinazofanana. Kisanduku kikibaki 192.168.1.x na LAN ya ruta nayo ikiwa 192.168.1.x, ruta haitajua kitu kiko upande gani, na dalili yake ni waifai kuonyesha nguvu zote ilhali hakuna ukurasa unaofunguka. Kama kampuni imefunga ukurasa wa kisanduku msiweze kubadilisha LAN, wapigieni simu wawabadilishie. Wakikataa, ofisi ndiyo ipewe namba mpya, na hapo mtalazimika kupanga printa upya kwenye kila kompyuta.

Pili, badilisheni jina na nywila ya waifai ya kisanduku cha kampuni siku hiyohiyo. Jina la zamani la ofisi likiachwa hapo, laptopu za wafanyakazi zitalikumbuka na kujiunga nalo zenyewe, zitajikuta upande wa wageni, nanyi mtadhani ruta mpya imeharibika. Ruta ya pili nayo bado ina jina na nywila ya wageni, kwa hiyo ipeni jina jipya la ofisi na nywila mpya. Msirudishe nywila ya zamani ya ofisi, kwa kuwa anayo yule kijana na kila aliyewahi kupita hapo.

Kwenye kisanduku cha kampuni sasa kuna wageni, kwa hiyo kifungeni. Badilisheni nywila ya ukurasa wake wa usimamizi, maana ile ya kiwandani mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko cha chini. Zimeni `WPS`, njia ya kujiunga na waifai kwa kitufe au namba fupi bila kuandika nywila. Mkipata `AP Isolation`, au chaguo lenye maana hiyo, liwasheni ili simu ya mteja mmoja isiweze kugusa simu ya mwingine.

Kupima

Msiamini kazi hii mpaka mjaribu kuivunja. Chukueni laptopu ya Windows, fungueni PowerShell, mwandike hivi:

```
Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 9100
Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445
```

Poti 9100 ndiyo printa nyingi hupokelea kazi za kuchapa, na 445 ndiyo seva hugawia folda. Mstari wa kusoma ni wa mwisho, `TcpTestSucceeded`. Anzeni mkiwa kwenye mtandao wa ofisi, ambako mnapaswa kuona `True` zote mbili. Kisha jiungeni na wageni mrudie, na zote ziwe `False`. Mkianza na wageni na kuona `False`, hamtajua kama mlango umefungwa au printa tu imezimwa.

Msipime kwa `ping` peke yake. Kompyuta ya Windows inaweza kupangwa isijibu ping huku folda zake zinafunguka, kwa hiyo ukimya wa ping hausemi lolote. Kwa simu, zimeni data, jiungeni na wageni, kisha andikeni `http://192.168.1.50` kwenye kivinjari. Ukurasa wa printa ukifunguka, mitandao haijatengana: tafuteni kebo inayounganisha kisanduku cha kampuni na swichi au poti za LAN za ofisi bila kupita poti ya WAN ya ruta. Na msiache kutazama poti za ukutani pale mapokezi. Poti yenye uhai nyuma ya kiti cha wageni, iliyoungwa kwenye swichi ya ofisi, inaifuta kazi yote mliyofanya.

Nani afikie nini

Hapa maoni yangu ni makali kidogo, na ninayasimamia. Mtandao wa ofisi si wa wafanyakazi, ni wa mashine za ofisi. Simu binafsi ya mfanyakazi, hata ya mkurugenzi, ikae kwenye waifai ya wageni. Simu hizo zina programu za kila aina, watoto huzichezea nyumbani, na simu ya Android iliyojiunga inaweza kumwonyesha mtu msimbo wa QR wenye nywila ya waifai. Nywila ya ofisi ikiingia kwenye simu moja, hesabuni kwamba imeshatoka nje.

Mtapata upinzani, na ninajua utaanzia wapi: mteja ametuma nakala ya hatimiliki kwa WhatsApp kwenye simu ya mpimaji, na mpimaji anataka kuichapa palepale. Jibu ni kufungua WhatsApp Web kwenye kompyuta ya ofisi na kuchapa kutoka huko. Inachukua muda mfupi, na printa inabaki bila simu yoyote. Mteja mwenyewe akitaka kuchapiwa kitu, aitume kwa baruapepe ya mapokezi na karani achape. Sioni hoja ya kumpa mgeni printa, na flashi yake msiichomeke kwenye kompyuta yenye folda za kazi.

Printa nayo ina upande ambao watu husahau: inapokea kazi, lakini pia inaingia kwenye seva. Mkiskani ramani ikahifadhiwa moja kwa moja kwenye folda ya seva, printa imetumia jina na nywila mlizoihifadhia. Mara nyingi fundi aliyeipanga, ili amalize haraka, aliweka nywila ya msimamizi mkuu wa seva. Maana yake ni kwamba anayeweza kuingia kwenye ukurasa wa printa anaweza kuielekeza itume nywila hiyo kwa kompyuta yake. Tengenezeni akaunti ya printa peke yake, tuiite `skani`, iwe na ruhusa ya kuandika kwenye folda ya Skani na isifungue folda nyingine yoyote. Kisha wekeni nywila kwenye ukurasa wa usimamizi wa printa, kwa kuwa nyingi hazina kabisa. Na printa ya zamani ikikataa kuhifadhi kwenye seva mpaka muwashe `SMB1`, msiiwashe. Ni njia ya zamani ya kugawia folda, yenye matundu, ileile iliyopitiwa na virusi vya WannaCry mwaka 2017. Afadhali printa hiyo itume skani kwa baruapepe.

Sasa seva. Mtandao ukishawazuia wageni, bado wafanyakazi wote 9 wako mbele ya mlango wake, na si wote wanaohitaji kila kitu. Kwa ofisi ya upimaji ningepanga hivi. Kuna folda ya Kazi, yenye ramani na vipimo vya uwandani: wapimaji na mchoraji waandike, mapokezi wasome tu ili wamjibu mteja anayeuliza kazi yake imefika wapi. Kuna Fedha, yenye ankara, mishahara na mambo ya KRA: mhasibu na mkurugenzi, basi. Kuna Wateja, yenye nakala za vitambulisho, namba za PIN na hatimiliki. Hii ndiyo ninayoijali kuliko zote. Aliyefungua jalada la mteja na wewe msimamizi muandike. Mpimaji asome jalada la kazi aliyopewa, na anayefanya mafunzo asiione kabisa. Nayo Skani iwe ya kupitishia tu: wote wanasoma na kuhamisha vilivyo vyao, na kila Ijumaa inasafishwa.

Ruhusa ya kuandika itolewe kwa uchoyo, na sababu si kutowaamini wenzenu. Kompyuta ya mtu mmoja ikiingiliwa na virusi vinavyofunga faili na kudai fidia, virusi hivyo hufunga kila folda ambayo mtu huyo anaweza kuiandika, na huziacha zile anazoweza kusoma tu. Kwa sababu hiyohiyo, diski ya nakala za akiba isikae imechomekwa wakati wote.

Kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Akaunti moja ya `ofisi` inayotumiwa na wote inaharibu mpango huu mzima, kwa kuwa seva haiwezi kumtofautisha mhasibu na karani. Wekeni ruhusa kwa makundi, si kwa mtu mmoja mmoja, ili anayekuja mpya aingizwe kwenye kundi na anayeondoka afungiwe akaunti siku yake ya mwisho. Ikiwa seva yenu ni ya Windows, kumbukeni kwamba folda ina ruhusa mahali pawili: kwenye `Sharing` na kwenye `Security`. Mtu anayeingia kupitia mtandao hupata ile iliyo finyu zaidi kati ya hizo mbili. Ndiyo sababu unaweza kumpa mtu ruhusa ya kuandika upande mmoja na bado akakataliwa. Kagueni pia kama jina `Everyone` limeachwa kwenye `Security` ya folda ya Wateja au Fedha. Likiwepo, liondoeni. Halafu pimeni kama mlivyopima mtandao: ingieni kwa akaunti ya karani, mjaribu kufungua Fedha. Lazima ikatae.

Folda ya Wateja inagusa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu agundue kwamba zimefikiwa na asiyeruhusiwa, pale ambapo kuna hatari halisi ya wenye taarifa hizo kudhurika. Katika siku hizo chache mtaulizwa nani aliweza kufungua folda ile, na ofisi yenye akaunti moja ya wote haina jibu. Kwa kisa cha yule kijana, ilikuwa barua iliyochapwa tu. Hata hivyo tazameni kumbukumbu za seva, kama inaziweka, mwone kama 192.168.1.30 imewahi kuingia humo. Namba hiyo ilibeba wageni wote, kwa hiyo haitawaambia ni nani, lakini itawaambia kama kuna aliyeingia.

Baadaye, ruta moja yenye kanuni

Mpangilio wa kupindua unatosha ofisi ya watu 9, lakini una kikomo chake. Data za ofisi bado zinapita kwenye kisanduku kilichojaa wageni, na hamwezi kuamua kwa undani nani aende wapi. Mkipata fedha, nunueni ruta inayoweza kutengeneza mitandao miwili yenyewe. MikroTik ndogo ndiyo mafundi wengi wa Kisumu na Nakuru wanaizoea, kwa hiyo nitaitumia kama mfano.

Fundi atatengeneza waifai ya pili juu ya redio ileile, tuseme kiolesura chake kinaitwa `wageni`. Hakitaingizwa kwenye daraja la ofisi, yaani kundi linalounganisha poti na waifai za ofisi kuwa mtandao mmoja, na kitapewa anwani za 192.168.20.x. Wengi huishia hapo, wakidhani namba tofauti ni ukuta. Si ukuta. Kazi ya ruta ni kuunganisha mitandao inayoijua, na kanuni za kiwandani za MikroTik huwazuia wanaotoka intaneti tu. Mgeni wa 192.168.20.x ataifikia printa yenu ya 192.168.1.50 bila shida yoyote mpaka fayawoli iambiwe imkatae:

```
/ip firewall filter
add chain=forward in-interface=wageni out-interface-list=!WAN action=drop
add chain=forward in-interface=wageni dst-address=192.168.100.0/24 action=drop
```

Mstari wa kwanza wa `add` unasema mgeni aende intaneti tu, si kwingine. Wa pili unamzuia asifungue ukurasa wa kisanduku cha kampuni, ambacho kiko upande wa intaneti na kwa hiyo kingeponyoka mstari wa kwanza. Kanuni za kiwandani pia humzuia mgeni asizungumze na ruta yenyewe, hata kuuliza majina ya tovuti. Dalili yake ni mgeni kuunganishwa, kupata anwani, na bado tovuti zisifunguke. Dawa ni kumruhusu mambo mawili tu, na ruhusa hiyo ikae juu ya ile ya kukataa, kwa sababu fayawoli husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayofaa:

```
/ip firewall filter
add chain=input in-interface=wageni protocol=udp dst-port=53,67 \
    action=accept \
    place-before=[find comment="defconf: drop all not coming from LAN"]
```

Mwambieni fundi pia aondoe tiki ya `Default Forward` kwenye waifai ya wageni, au chaguo linalofanana nalo kwenye toleo jipya, ili wageni wasifikiane. Akimaliza, rudieni kipimo kilekile cha poti 9100 na 445 mbele yake, kabla hajalipwa.

Mwisho, radi. Huku kwetu, kutoka Kisumu hadi Kakamega, visanduku vya intaneti huungua, na kampuni huleta kingine chenye mipangilio ya kiwandani. Kwa mpangilio wa kupindua, ofisi inabaki salama nyuma ya ruta yake, lakini kisanduku kipya kinaweza kuja na 192.168.1.1 na kugongana na namba zenu. Siku hiyo intaneti ikigoma, tazameni hapo kwanza. Nakala ya mipangilio ya MikroTik inatolewa kwa `/export file=ofisi`. Ipakueni, muiweke kwenye kompyuta ya msimamizi, si ndani ya ruta inayoweza kuungua nayo. Na kila fundi wa kampuni akigusa kitu, kabla hajashuka ngazi, mtu mmoja achukue laptopu, ajiunge na wageni, na aandike ile mistari miwili ya `Test-NetConnection`.